Maelezo ya Mkuu wa Shule kwa Bodi: Rasimu ya Bajeti ya 2026

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe,

Naanza na namba yenyewe. Mapato tunayotarajia ni shilingi milioni 412, matumizi ni milioni 450. Tunapungukiwa milioni 38. Hesabu hii imechukulia kuwa kila mzazi atalipa ada yote, kwa hiyo pengo hili tusiwabebeshe wazazi.

Chanzo kikubwa ni jikoni. Kila Januari na Februari tunanunua mahindi kwa madalali hapa Mafinga, msimu ambao bei imepanda na ghala letu ni tupu. Naomba idhini tununue ya mwaka mzima Julai na Agosti, moja kwa moja kwa wakulima, yakiwa makavu, tuyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Tutaokoa milioni 14, ila fedha lazima ziwepo mkononi Julai. Zikichelewa hata mwezi mmoja, faida hiyo inapungua. Majiko banifu yatapunguza gharama ya kuni kwa milioni 6, gharama ya kuyajenga ikiwa imeshakatwa.

Kuhusu mapato, mikaratusi iliyokomaa nyuma ya bweni itatupa milioni 8. Hiyo ni ya mara moja, 2027 tusiitegemee. Kukodisha ukumbi wakati wa likizo kutaleta milioni 3.

Zinabaki milioni 7. Napendekeza tuahirishe ukarabati wa nyumba ya mkuu wa shule, ninayoishi mimi. Mishahara ya walimu na mlo wa wanafunzi sijavigusa, na nawasihi visiguswe.

Naomba uamuzi wenu leo.