Kuh: Jaribio la Hisabati la Salim, Kidato cha Pili B

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Baba Salim,

Barua pepe yako ya jana usiku nimeipata na nimeisoma mara mbili. Nimefahamu kuwa una hasira, na sehemu moja ya hasira hiyo ni haki yako. Nitaanza na hiyo.

Ni kweli kwamba Alkhamisi, Salim aliporudi darasani baada ya kuchuma karafuu kwa bibi yake, nilimwambia "mchumaji karibu" na wenzake wakacheka. Nilidhani ni mzaha mdogo. Kwa mtoto wa miaka 15 haukuwa mdogo, wala haikuwa kazi yangu kumfanyia. Leo asubuhi nimemuomba radhi mbele ya darasa lile lile, na wewe pia nakuomba radhi.

Ama kuhusu ombi lako la kurejeshewa jaribio alilolikosa, jibu langu halitobadilika: Salim hatopewa jengine, na sifuri itabaki.

Salim hakuja skuli tangu Jumatatu ya tarehe 15 Septemba mpaka Jumatano ya tarehe 24, siku 8 za masomo. Jaribio lilikuwa Jumanne ya tarehe 23, na tarehe yake ilibandikwa ubaoni tangu mwisho wa Agosti. Tarehe 17 nilimpigia simu bibi yake huko Mtambwe. Alinipokea vizuri, akanambia kijana anamalizia miti miwili mitatu. Nikamtajia siku ya jaribio na nikamueleza kuwa akihitaji ruhusa, atume mtu na barua. Barua haikuja. Najua wewe uko Unguja na pengine habari hizi hukufikishiwa kama zilivyo, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Sharti lenyewe limo katika fomu uliyotia saini Januari, na nakala yake nimeiambatanisha: anayekosa jaribio bila ya ruhusa ya maandishi iliyoombwa kabla, haandaliwi jengine. Wanaosamehewa ni mgonjwa mwenye cheti cha hospitali na aliyefiwa. Umeniuliza kwa nini msichana fulani alirejeshewa jaribio lake muhula uliopita. Habari za mtoto wa mwengine sitozizungumza kwako, kama ambavyo za Salim sizizungumzi kwa mwengine. Ninachoweza kukwambia ni kuwa sharti lililotumika lilikuwa hilo hilo.

Umeandika pia kuwa mimi sijui karafuu ni nini. Hapa, Baba Salim, umenikosea kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Konde. Daftari zangu zilinunuliwa kwa pishi nilizochuma mwenyewe, na nimekesha nikichambua makonyo mpaka vidole vikawa vyeusi. Najua kuwa karafuu haimsubiri mtu: ikishachanua juu ya mti, bei imekwenda. Wala sikatai Salim kumsaidia bibi yake. Lakini darasa hili lina watoto 47 na wengi wao kwao kuna shamba. Siku ile ya jaribio walikuwepo waliochuma tangu alfajiri, wakaja na sare zinanukia karafuu, wakakaa wakaandika. Nikimuandalia Salim karatasi nyengine leo, hao niwaambie nini?

Umesema mwaka wake umeshaharibika. Haujaharibika. Majaribio matatu ya muhula yana alama 10 kila moja, na mtihani wa mwisho una 70. La kwanza alipata 8. Kwa sifuri hii amepoteza 10 kati ya 100, basi. Linalonishughulisha mimi si hizo 10, ni milinganyo tuliyoifundisha siku zile 8, kwa sababu hiyo atakutana nayo kwenye mtihani wa Kidato cha Pili wa Baraza la Mitihani la Zanzibar, na huko hakuna wa kumpigia simu bibi.

Kwa hiyo, kuanzia kesho, Jumanne na Alkhamisi saa 8 mchana baada ya sala, nitabaki naye darasani saa moja kwa wiki tatu. Silipwi kwa hilo na sitaki chochote. Naomba tu umwambie abaki. Na msimu bado upo: Jumamosi, Jumapili na jioni ni zake na bibi. Ikitokea shida ya siku ya masomo, barua imfikie mwalimu mkuu siku mbili kabla. Hata ujumbe wako wa simu tutaupokea, kwa kuwa uko mbali.

Umesema utanishitaki afisi ya elimu ya wilaya. Njia hiyo ni yako na mimi siikwepi. Kabla yake ipo kamati ya skuli, inayokutana Jumatano ya wiki ijayo. Ukiandika kwao, nitawapa daftari la mahudhurio na barua hii.

Ukitaka tuzungumze, nipigie baada ya saa 10 jioni. Mchana simu huwa nimeifungia kabatini.

Bibi mpe salamu zangu.

Wassalaam,
Mwalimu wa Hisabati na mwalimu wa darasa, Kidato cha Pili B