Ombi la klipu za simu kwa ajili ya video ya kikundi chetu cha mwani, Jambiani

Assalaam alaykum, mama zetu, dada zetu na kaka zetu wa kikundi.

Katika kikao chetu kilichopita tulikubaliana kwamba banda letu kwenye maonesho ya Nanenane, Dole Kizimbani, liwe na televisheni ndogo itakayoonesha video moja ya dakika nne kuhusu kazi yetu. Video hiyo tutaitengeneza sisi wenyewe kwa simu tulizo nazo. Naomba kila mwanakikundi achukue klipu mbili au tatu, na kila klipu iwe ya sekunde 15 hadi 20, ili kijana wetu aliyejitolea kuziunganisha apate wiki mbili za kufanya kazi hiyo bila haraka.

Mwani umelimwa Paje na hapa Jambiani tangu 1989, lakini mtu anayesimama mbele ya meza yetu huona sabuni, paketi ya unga na bei tu. Haoni kwamba mbegu zimefungwa moja moja kwa taitai, kwamba kamba imekaa baharini wiki sita hivi, wala kwamba kilo saba au zaidi za mwani mbichi ndizo zinazotoa kilo moja iliyokauka. Hayo ndiyo tunayotaka ayaone, na anayeyajua ni mwenye shamba.

Siku za kurekodi ni Jumatano tarehe 15 hadi Jumamosi tarehe 18 Julai 2026. Nimezichagua kwa sababu ni bamvu la mwezi mpya, maji yatakupwa sana kati ya saa nne na saa sita mchana, na wengi wetu tutakuwa shambani kwa vyovyote. Wenzetu wa Kikadini naomba warekodi kupigilia vigingi, kufunga mbegu na kutandaza kamba. Wa Kibigija warekodi kuvuna, kubeba mzigo hadi pwani na kuanika kwenye chanja. Wanaosaga unga na kupika sabuni wanaweza kurekodi siku yoyote kati ya hizo, karibu na mlango au dirisha linaloingiza mwanga. Nitafurahi sana nikipata klipu moja ya mzani: mwani mbichi ukipimwa, na kando yake ule uliokauka. Anayetaka aoneshe pia mwani ulioharibika, yale matawi yaliyogeuka meupe na kulainika, kwa sababu kotonii imekuwa ikitufia maji yanapopata joto na ni haki watu wajue kwa nini wengi wetu tumebaki na spinosamu.

Kabla ya kurekodi, futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini na kikavu, maana chumvi na mafuta ya vidole huifanya picha yote iwe na ukungu, na kwenye skrini ndogo ya simu hutaugundua. Hakikisha simu ina nafasi, kisha iweke kwenye hali ya ndegeni ili isije ikaita katikati ya kazi. Kwenye mipangilio ya kamera chagua 1080p na 30 fps. Ukubwa zaidi ya huo utajaza simu bila faida kwa televisheni tutakayotumia. Tumia kamera ya nyuma, kwa kuwa ile ya mbele kwa kawaida ni dhaifu zaidi.

Laza simu kila unaporekodi. Klipu ikichukuliwa simu ikiwa imesimama, kwenye televisheni itakuwa ukanda mwembamba wenye weusi pande mbili, na haitaweza kuungana vizuri na za wengine. Ishike kwa mikono miwili, viwiko vikigusa mbavu, na usiizungushe huku na huku. Acha mikono ya anayefanya kazi ndiyo iende. Ukitaka kitu kionekane kwa karibu, sogea wewe mwenyewe badala ya kuvuta picha kwa vidole. Kwa mfano, anayefunga taitai arekodiwe kwa umbali wa mkono mmoja, vidole na fundo vikijaa picha, mpaka fundo limekazwa. Bonyeza kitufe cha kurekodi sekunde tatu kabla kazi haijaanza, na ukiacha sekunde tatu nyingine baada ya kumaliza utakuwa umemrahisishia sana mkataji.

Jambo litakalotusumbua zaidi ni upepo. Huu ni msimu wa kusi, na simu ikiwa wazi itarekodi mvumo mtupu. Bahati nzuri ni kwamba mwezi wa Julai jua la mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo anayezungumza akielekeza uso kaskazini atapata mwanga usoni, mgongo wake utakinga sehemu ya upepo, na sauti itafuata upepo hadi kwenye simu. Mrekodi asimame mbele yake, karibu, asizidi hatua mbili, na asizibe kwa kidole kitundu cha maikrofoni. Mkirekodi mtu huku jua likiwa nyuma yake, uso utakuwa mweusi. Wenye kofia pana au ushungi uliosogea mbele wauinue kidogo ili macho yaonekane.

Katika kuzungumza, kila mmoja aseme jambo moja tu analolijua kwa kulifanya, kwa maneno anayoyatumia nyumbani. Hakuna haja ya kukariri hotuba. Tutaweka maandishi chini ya picha, kwa sababu kwenye mabanda kuna kelele na wengi watatazama bila kusikia. Tafadhali msipige muziki wakati wa kurekodi, wala msiongeze nakshi, vichujio au maandishi kwenye klipu.

Naomba tuheshimiane katika hili: asirekodiwe mtu kabla hajaulizwa na kukubali, na asiyependa sura yake ionekane arekodiwe mikono tu, kwani mikono inatosha kuonesha kazi. Watoto wasirekodiwe bila idhini ya wazazi wao. Wageni wa hoteli wanaopita ufukweni tuwaache nje ya picha.

Tunzeni simu zenu pia. Ibebeni ndani ya kopo lenye mfuniko, itoeni mikono ikiwa imekaushwa, na anayerekodi asiwe na mzigo mwingine. Kazi hii ifanyike wawili wawili: mmoja shambani, mwenzake na simu.

Klipu zinifikie kabla ya Jumapili tarehe 19 Julai, saa mbili usiku. Msizitume hapa kwenye kundi kama video ya kawaida, kwa kuwa WhatsApp huzipunguza ubora. Bonyezeni alama ya kuambatisha, chagueni Hati, au Document kwa simu za Kiingereza, kisha mnitumie mimi binafsi mkiandika jina lenu na kazi inayoonekana. Klipu moja ya sekunde 15 inaweza kufika MB 30 au 40, kwa hiyo asiye na bando asinunue kwa ajili hii. Jumapili hiyo, baada ya sala ya alasiri, nitakuwa kwenye chanja zetu nikiwa na kompyuta na waya, na nitazihamisha hapo hapo. Msizifute kwenye simu zenu mpaka niwathibitishie kwamba zimefika salama. Wasio na simu yenye kamera nzuri waniambie kabla ya Jumanne ili niwapange na mwenye nayo.

Wassalaam,
Katibu wa kikundi