Nauza Boxer BM 150 ya mwaka 2021, Mamboleo, Kisumu – Sh 82,000

Rangi nyekundu, namba ya usajili inaanza na KMF. Mita inasoma kilomita 71,386. Logbuku iko kwa jina langu na haina deni. Ilinunuliwa mpya Machi 2021 na haijawahi kuwa na mwenye mwingine. Inatembea kila siku.

Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kuniandikia, kwa sababu ina kasoro na zote nimezieleza hapa.

Kwanza kilomita. Usiitegemee mita peke yake. Agosti 2022 kebo ya mita ilikatika na ikakaa hivyo hadi katikati ya Novemba mwaka huo ndipo tukaweka nyingine. Wakati huo ilikuwa inafanya kazi ya boda, kama kilomita 80 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Ukipiga hesabu ni karibu kilomita 5,800 ambazo mita haikuzisoma. Kwa hiyo ihesabu kama pikipiki iliyotembea kilomita 77,000.

Ndiyo, ilikuwa boda. Mdogo wangu aliiendesha kwenye steji ya Kondele tangu tulipoinunua hadi Juni 2023. Tangu hapo naiendesha mimi, Mamboleo hadi Kiboswa kazini na kurudi, na mara moja moja Ahero kuleta mchele. Haibebi tena abiria wa kulipa.

Karatasi. Niliinunua kwa mkopo wa sacco, na mwanzoni jina la sacco lilikuwa kwenye logbuku pamoja na langu. Mkopo uliisha Septemba 2022, jina lao likaondolewa Oktoba, na barua ya kumaliza deni ninayo. Risiti ya dukani ya mwaka 2021 ipo pia. Namba ya chasi na ya injini zinasomeka vizuri na zinalingana na logbuku. Njoo na tochi uzisome mwenyewe. Bima ni ya watu wengine tu, si ya pikipiki yenyewe, na itaisha tarehe 14 Februari 2026. Funguo ziko 2.

Kuhamisha umiliki tutafanya siku hiyo hiyo ya kulipana. Mimi naanzisha kwenye huduma za NTSA kupitia akaunti yangu ya eCitizen, wewe unakubali kupitia yako, kwa hiyo uwe na akaunti inayofunguka na PIN ya KRA. Ada nalipa mimi. Mtu anayetaka kuichukua kwanza "halafu tutahamisha baadaye" hatutaelewana. Ikigonga mtu mahali, au ikitumika kwa wizi, jina litakalotafutwa ni langu. Kabla hujaja, nitakupa namba kamili ya usajili ili uitafute kwenye mfumo wa NTSA uhakikishe ninayosema.

Matengenezo nimeyaandika kwenye daftari la kurasa 48, tarehe na kilomita, na risiti nyingi nimezibana humo. Oili ya injini, 20W-50 lita moja, wakati wa boda ilibadilishwa kila kilomita 1,500 na siku hizi kila 2,000. Mei 2023, mita ikiwa 49,900, ilifunguliwa juu: pistoni, ringi na gasketi ni za wakati huo. Klachi pleti zilibadilishwa Oktoba 2024. Cheni na sproketi zote 2 ni za Februari 2025, mita 65,200. Tairi ya nyuma na breki shuu za nyuma ni za Agosti 2025, mita 69,400. Tairi ya mbele imebaki nusu. Risiti za mwaka 2021 hazipo zote, kwa sababu mdogo wangu hakuwa anaziweka, ila daftari alikuwa anaandika.

Sasa kasoro, na naanza na kubwa zaidi. Gia ya 2 inaruka. Haifanyi hivyo ukiwa unavuta. Inafanya unaposhuka mlima ukiwa umeachia mafuta, kama pale unapotoka Kiboswa kuja Mamboleo. Inatoka yenyewe na kukaa nyutro, na hapo injini haikusaidii tena kushika, unabaki na breki tu. Mimi nimezoea kushuka na gia ya 3 na breki taratibu, lakini mtu asiyejua, akiwa na mzigo nyuma, anaweza kushtuka vibaya. Fundi aliniambia lazima injini ishushwe na kufunguliwa katikati, na alinikadiria Sh 7,500, gia na kazi pamoja. Sijaitengeneza kwa sababu pesa zimekwenda kwa maandalizi ya mtoto anayeingia Gredi ya 10 Januari, na hiyo ndiyo sababu ya kuuza pia. Hiyo 7,500 nimeshaitoa kwenye bei. Ukiinunua, itengeneze kabla hujaanza kubeba watu.

Ilianguka Juni 2023 karibu na Nyamasaria, ikalalia upande wa kushoto. Usukani ulipinda ukabadilishwa, kanyagio la kushoto likanyooshwa, na tanki lina bonde la ukubwa wa kiganja, linaonekana kwenye picha ya 4. Fremu haikupinda wala haijachomelewa. Kilichochomelewa ni keria, mara 2, kwa ajili ya mizigo. Kwenye barabara iliyonyooka haivuti upande.

Asubuhi ikiwa baridi inatoa moshi wa bluu kwa sekunde chache kisha unaisha. Fundi anasema ni sili za valvu. Inakula oili kidogo, kama mililita 100 kwa kila kilomita 1,000, kwa hiyo angalia kiwango cha oili kila wiki. Upande wa klachi kuna jasho la oili kwenye gasketi; halidondoki chini.

Shokabu ya mbele kushoto inavuja, sili imekwisha. Ya kulia ilibadilishwa. Betri ni ya 2023 na imechoka: stata haifanyi kazi asubuhi, unapiga kiki, na huwaka kwa kiki ya 2 au ya 3. Geji ya mafuta ilikufa zamani, napima kwa kufungua tanki. Rimu ya nyuma inacheza kidogo ukiizungusha, na spoki 2 ni mpya. Kiti kimeshonwa upya. Taa zote, indiketa na honi ni nzima.

Kuiona ni Jumamosi au Jumapili kuanzia saa 3 asubuhi, Mamboleo karibu na njia panda. Sitaiwasha kabla hujafika, ili uione ikiwaka ikiwa baridi na huo moshi uuone. Gusa injini kwanza. Ukiikuta ina joto, una haki ya kuondoka. Njoo na fundi wako. Kuiendesha utaiendesha wewe, mimi nikikaa nyuma, tupande Kiboswa na kushuka ili hiyo gia uisikie mwenyewe. Uwe na leseni, helmeti ninazo 2.

Bei 82,000, na ukishaiona tunaweza kuongea kidogo. Sichukui pesa ya kushikilia na usimtumie mtu yeyote pesa kwa jina langu kabla hatujaonana. Malipo ni kwa M-Pesa au benki, tukiwa pamoja, baada ya kuandikiana mkataba wenye nakala za vitambulisho vyetu na shahidi mmoja kila upande. Sibadilishani na simu wala pikipiki nyingine.

Niandikie ujumbe kupitia tangazo hili, useme siku na saa utakayokuja. Mchana niko kazini, nitakujibu jioni baada ya saa 12. Ikiuzwa nitaliondoa tangazo siku hiyo hiyo, kwa hiyo ukiliona bado lipo, pikipiki ipo.