Zoezi la 3, Swali la 2: Kuthibitisha kwa Induksheni kuwa 2^n > n^2

Swali linatutaka tuthibitishe kwamba 2^n > n^2 kwa kila namba kamili n isiyopungua 5. Sentensi hiyo tuiite P(n).

Sharti la n kuanzia 5 halikuwekwa kiholela. Tukijaribu namba ndogo, n = 2 inatoa 4 na 4, n = 3 inatoa 8 na 9, na n = 4 inatoa 16 na 16, hivyo P(n) si kweli kwa hata moja kati ya hizo tatu.

Hatua ya msingi. Kwa n = 5, upande wa kushoto ni 2^5 = 32 na wa kulia ni 5^2 = 25. Kwa kuwa 32 > 25, P(5) ni kweli.

Dhana ya induksheni. Tuchukue namba kamili k yoyote isiyopungua 5, na tuchukulie kuwa P(k) ni kweli, yaani 2^k > k^2. Hatudai kwamba P(k) ni kweli kwa kila k, maana hilo ndilo linalothibitishwa. Tunauliza tu kwamba, ikiwa ni kweli kwa k hii moja, je, italazimu iwe kweli kwa k + 1 pia?

Hatua ya induksheni. Tunatakiwa kuonyesha kuwa 2^(k+1) > (k+1)^2. Kwa kanuni za vipeo, 2^(k+1) = 2 · 2^k. Tukizidisha pande zote mbili za dhana kwa 2, ambayo ni namba chanya na kwa hiyo haigeuzi alama ya kutolingana, tunapata:

2^(k+1) > 2k^2 … (i)

Sasa inatosha kuonyesha kuwa 2k^2 ≥ (k+1)^2. Tutoe upande wa kulia kutoka wa kushoto:

2k^2 − (k+1)^2 = k^2 − 2k − 1 = (k−1)^2 − 2

Kwa kuwa k ≥ 5, basi k − 1 ≥ 4, na (k−1)^2 − 2 ≥ 16 − 2 = 14. Tofauti hiyo ni chanya, kwa hiyo:

2k^2 > (k+1)^2 … (ii)

Tukiunganisha (i) na (ii), 2^(k+1) > 2k^2 > (k+1)^2, na hiyo ndiyo P(k+1).

Ikumbukwe kwamba (ii) ni kweli hata kwa k = 3, kwa sababu 18 > 16, ilhali P(3) yenyewe si kweli; hatua ya induksheni peke yake, bila hatua ya msingi, isingethibitisha chochote.

Kwa kuwa P(5) ni kweli, na P(k) inaleta P(k+1) kwa kila k ≥ 5, basi kwa kanuni ya induksheni ya hisabati 2^n > n^2 kwa kila namba kamili n ≥ 5. ∎