Barua ya kuomba taarifa za matibabu za mtoto Kulwa Magesa Nyanda zihamishiwe Dodoma

Leticia Bugumba Masalu,
Mtaa wa Ilazo,
DODOMA.

5 Januari 2026

Daktari Kiongozi,
Kliniki ya Selimundu ya Watoto,
Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando,
S.L.P. 1370,
MWANZA.

Ndugu Daktari,

YAH: OMBI LA KUHAMISHIWA TAARIFA ZA MATIBABU ZA MTOTO KULWA MAGESA NYANDA, MWENYE UGONJWA WA SELIMUNDU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa Kulwa Magesa Nyanda, msichana aliyezaliwa tarehe 14 Machi 2017, ambaye amekuwa akihudhuria kliniki yenu tangu mwaka 2018, tulipokuwa tukiishi Nyegezi. Mwezi uliopita nilihamishiwa Dodoma kikazi pamoja na familia yangu, na kuanzia sasa Kulwa atatibiwa katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako amepangiwa kuonana na daktari bingwa wa watoto siku ya Alhamisi, tarehe 22 Januari 2026. Ninaomba taarifa zake zimfikie daktari huyo kabla ya siku hiyo, au angalau siku hiyo hiyo asubuhi.

Ninafahamu kwamba jalada lenyewe ni mali ya hospitali na hubaki kwenu. Ninachoomba ni nakala zake, zikiwa zimegongwa mhuri na kutiwa saini, pamoja na muhtasari wa tiba ulioandikwa na daktari anayemfahamu mtoto. Muhtasari huo ninauona kuwa muhimu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu jalada la Kulwa ni nene, na daktari anayemwona kwa mara ya kwanza, akiwa na foleni ya wagonjwa mlangoni, hawezi kulisoma lote.

Kati ya yaliyomo humo, jambo ambalo linanifanya niandike kwa haraka ni kipimo cha mwendo wa damu katika mishipa ya ubongo. Mwaka 2024 mwendo huo ulikuwa sentimita 161 kwa sekunde, na katika kliniki ya mwisho, tarehe 6 Novemba 2025, ulikuwa umefika sentimita 178. Nilielezwa siku ile kwamba bado haujafika 200, kiwango ambacho hatari ya kiharusi huwa kubwa, lakini kwamba hauwezi kuachwa bila kufuatiliwa, na kwamba kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu, yaani mwanzoni mwa Februari. Kwenye kadi ya kliniki imeandikwa tarehe ya kurudi tu, bila majibu yenyewe. Ninaomba majibu yote mawili yaje yakiwa kamili, yakionyesha mshipa uliopimwa na upande wake, ili daktari wa hapa awe na cha kulinganisha.

Siku hiyo hiyo dozi ya haidroksiyurea iliongezwa hadi kidonge kimoja cha miligramu 500 kila siku, Kulwa akiwa na uzito wa kilo 23. Dawa tulizopewa zitaisha mwishoni mwa mwezi huu. Kwa kuwa dawa hii inaweza kushusha chembe za damu, daktari mpya atahitaji kuona mwenendo wa picha kamili ya damu tangu Kulwa alipoanza kuitumia mwaka 2021, pamoja na vipimo vya ini na figo, kabla hajaamua kuendelea na dozi hiyo. Majibu ya siku moja pekee hayatamsaidia sana.

Jambo la pili ni damu aliyoongezewa. Kulwa ameongezewa damu mara mbili, na mara ya pili, alipolazwa kwenu mwaka 2023 kwa shambulio la mapafu, alipata homa na vipele wakati damu ikiendelea kuingia, ikabidi isimamishwe, na maabara ikachukua muda kupata uniti nyingine iliyolingana na damu yake. Sijui kwa hakika maabara iliandika nini juu ya sababu yake. Naomba sana karatasi hiyo ya maabara iambatishwe, hata kama ni ya kurasa chache na imeandikwa kwa mkono. Mwaka jana, tukiwa safarini, alipata maumivu makali akapokelewa katika hospitali moja ambayo haikuwa na taarifa zake, na madaktari walipouliza juu ya damu nilibaki kueleza kwa kumbukumbu zangu, jambo ambalo sitaki litokee tena. Muhtasari wa kulazwa kwake kwenu mwaka 2023 na picha ya kifua navyo vije, pamoja na jibu la kwanza la aina ya hemoglobini la mwaka 2018 na orodha ya chanjo, hasa ile ya kuzuia nimonia.

Kuna tahadhari moja ninayoomba izingatiwe na watumishi wa masjala. Kulwa ana pacha wake, Doto Magesa Nyanda, mvulana, ambaye naye ana jalada hospitalini kwenu. Hawa ni pacha wasiofanana: Kulwa ana selimundu, ilhali Doto ni mbeba vinasaba tu na haumwi. Kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa na majina mawili ya mwisho ni yale yale, majibu yao yamewahi kuchanganywa katika kituo kimoja cha afya. Naomba kila ukurasa utakaonakiliwa uhakikiwe kwa jina la kwanza, jinsia na namba ya jalada iliyo kwenye nakala ya kadi niliyoambatisha. Ombi hili halihusu jalada la Doto.

Kuhusu namna ya kuzituma, mdogo wangu, Emmanuel Bugumba Masalu, anayeishi Buhongwa, atafika kuzichukua siku mtakayomwelekeza akiwa na kitambulisho chake cha taifa. Naomba akabidhiwe bahasha iliyofungwa na kugongwa mhuri, ikiwa imeandikwa jina la daktari bingwa wa watoto wa Benjamin Mkapa, ili ifunguliwe na daktari mwenyewe. Ninajua kwamba siku hizi karatasi hupigwa picha na kutumwa kwa simu kwa dakika moja, lakini nisingependa taarifa za mwanangu zipite kwenye simu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na kwa barua hii, mimi na baba yake tumeridhia kwa maandishi kwamba zitolewe kwa daktari huyo tu, kwa ajili ya matibabu. Kama kuna gharama za kunakili, naomba Emmanuel apewe namba ya malipo naye atalipa papo hapo.

Mwisho, naomba jalada la Kulwa lisifungwe. Bibi yake yuko Magu, na likizo za shule tutakuwa tukienda huko. Endapo ataugua akiwa huko, atarudi kwenu. Namba yangu ya simu ni ile ile iliyo kwenye jalada.

Ninawashukuru kwa huduma mliyompa mwanangu kwa miaka yote hii, na hasa wauguzi wa kliniki, ambao yeye mwenyewe ameniagiza niwasalimie.

Wako mwaminifu,

Leticia Bugumba Masalu
Mama mzazi

Nimeridhia:
Magesa Nyanda Lubinza
Baba mzazi

Viambatisho: nakala ya kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa cha Kulwa, vitambulisho vya taifa vya wazazi wote wawili, na nakala ya kadi ya miadi ya tarehe 22 Januari 2026.

Nakala: Daktari Bingwa wa Watoto, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.