Barua kwa Rehema, kuhusu zile sarafu 12

Dada Rehema,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara mbili. Umeandika kwamba huenda umejiunga na klabu isiyo ya watu wa aina yako, kwamba Jumamosi ulikaa na fumbo la sarafu dakika 50 bila kuambulia kitu, na mzee aliyekuwa kushoto kwako akalimaliza wewe hata penseli hujainoa. Ningeweza kukupigia simu tukayamaliza kwa maneno matatu. Nimeona nikuandikie, kwa sababu hili jambo lina kuhesabu ndani yake, na kuhesabu kwa simu kunanishinda.

Kwanza la mzee. Lile fumbo alishawahi kulifumbua. Nilimuuliza tulipokuwa tunapanga viti, akacheka, akakiri kwamba enzi hizo lilimtesa wiki nzima. Alipaswa kusema palepale, na nimemwambia. Katika chumba kile huwezi kujua nani anafikiri na nani anakumbuka, kwa hiyo ukijipima kwa kasi ya jirani unajionea bure.

La pili ni subira yenyewe. Nilitaka kuanza na "subira huvuta heri", nikajizuia, maana methali hiyo ni kweli ila haikwambii mikono ishike nini wakati heri ikivutwa. Na wewe subira unayo: dakika zote 50 hukuinuka kitini. Nilipita nyuma yako mara tatu na mara zote karatasi yako ilikuwa na mistari ileile miwili, "6 kwa 6" na chini yake "halafu?". Hapo ndipo penye tatizo. Ulikuwa unasubiri jibu lije. Subira ninayoitaka mimi ni ile ya fundi saa: mdomo umefungwa, mwili umetulia, lakini vidole haviachi kufungua na kufunga.

Basi turudi mezani. Sarafu 12, kwa macho ni sawa zote. Moja ni bandia, na uzito wake umezidi au umepungua, hatujui lipi. Una mizani ya vitanga viwili na ruhusa ya kupima mara 3 tu. Itafute bandia, useme kama ni nzito au nyepesi.

Ulipima 6 kwa 6. Karibu kila mtu huanza hivyo, nami nilianza hivyo. Ulipokwama ukaendelea kusukuma mbele. Safari hii usiende mbele, rudi nyuma uhesabu. Majibu yanayowezekana ni mangapi? Bandia yaweza kuwa yoyote kati ya 12, na kila moja yaweza kuwa nzito au nyepesi, jumla 24. Mizani nayo, kila ukiitumia, ina mambo matatu tu ya kukwambia: inalala kushoto, inalala kulia, au inasimama sawa. Ukipima mara 3 unapata 3 × 3 × 3, yaani matokeo 27. Hizo 24 zinaenea ndani ya 27, kwa hiyo hesabu haijatufungia mlango. Lakini zinaenea kwa kubana. Hakuna kipimo cha kuchezea.

Sasa itazame ile 6 kwa 6. Sarafu zote ziko juu ya mizani na mojawapo ni bandia, kwa hiyo mizani haiwezi kusimama sawa. Tokeo moja kati ya matatu umelitupa kabla hujagusa kitu. Ikilala upande wowote, unabaki na uwezekano 12, na vipimo viwili vilivyobaki vinaweza kutenganisha 9 tu. Rehema, hukushindwa kufikiri baada ya hapo. Njia haikuwepo. Hata ungekesha pale na kibatari, ungepambazukiwa na "halafu?" yako.

Jaribu 5 kwa 5. Mizani ikilala, yoyote kati ya 5 za upande mzito yaweza kuwa nzito, au yoyote kati ya 5 za upande mwepesi yaweza kuwa nyepesi. Hizo ni 10, na 10 haziingii ndani ya 9. Jaribu 3 kwa 3. Mizani ikisimama sawa, bandia iko kati ya 6 ulizoziweka kando, nzito au nyepesi, uwezekano 12. Haifai. Ukipunguza zaidi ya hapo, mambo yanazidi kuharibika. Jaribu 4 kwa 4: ikisimama sawa zinabaki sarafu 4 za kando, uwezekano 8. Ikilala, 4 zaweza kuwa nzito na 4 zaweza kuwa nyepesi, uwezekano 8 tena. Kila upande 8, na 8 zinaingia ndani ya 9.

Bandia bado hatujaipata, wala hatujui kipimo cha pili kitakuwaje. Lakini tumefuta njia zote za kuanzia ila moja, na tumezifuta kwa sababu, hatujazifuta kwa kuchoka. Mimi nikiwa na fumbo gumu, ukurasa wa kwanza wa daftari huwa ni wa namna hiyo: "5 kwa 5 hapana, 10 zimezidi 9." Sababu iandike, usiandike "hapana" tupu, la sivyo kesho utairudia njia ileile ukidhani ni mpya. Nimewahi kufanya hivyo mara nne kwa fumbo moja, na mara ya nne nikaona kabisa ni wazo zuri sana.

Kilichobaki nakuachia. Nakupa kidokezo kimoja tu: katika kipimo cha pili hakuna aliyesema sarafu lazima ibaki kwenye kitanga ilichokuwa.

Sasa niseme la kwangu, usije ukadhani naandika nikiwa juu ya mlima. Mwaka niliojiunga nilipewa fumbo la ubao wa sataranji. Ubao una miraba 64. Kata miwili ya pembe zinazotazamana kwa mshazari, inabaki 62. Una vipande 31 vya dhumna, kila kimoja kinafunika miraba miwili iliyopakana. Je, unaweza kuufunika ubao wote? Nilikata vipande vya boksi, nikavipanga mezani usiku baada ya usiku, siku 11. Kila mara ilibaki miraba miwili iliyokaa mbalimbali, nami nikajiambia nimekosea mahali fulani mwanzoni. Niliamini ni suala la kukazana tu.

Siku ya 12 nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikupanga tena, nikabaki kuitazama ile miraba miwili iliyobaki. Ilikuwa myeupe yote miwili. Nikakumbuka usiku uliopita pia ilikuwa myeupe. Nilipochunguza pembe nilizozikata, zilikuwa nyeusi zote mbili. Kila dhumna hufunika mraba mmoja mweusi na mmoja mweupe, lazima, kwa kuwa miraba iliyopakana haifanani rangi. Vipande 31 vinahitaji nyeusi 31 na nyeupe 31. Mimi nilikuwa na nyeusi 30 na nyeupe 32. Haiwezekani, na hilo ndilo jibu.

Siku 11 nilikuwa na bidii, ila sikuwahi kuviangalia vile nilivyoshindwa navyo. Kumbe ile mabaki ilikuwa inanipigia kelele kila usiku. Kwa hiyo ukikwama mara tatu mahali pamoja, usiende kujaribu ya nne. Viweke vile vitatu kando kwa kando uulize vinafanana nini.

Umesema pia kwamba nyumbani kwenye simu unamaliza sudoku za kiwango cha "ngumu" bila shida, ndiyo maana ulishangaa. Nina ombi. Fungua mipangilio uzime ile rangi nyekundu inayotokea ukikosea. Ile nyekundu inakufanyia nusu ya kazi: unabahatisha, inakwambia, unabahatisha tena. Ukizima utakosea mapema na kugundua ukiwa umeshajaza miraba 40, na itauma. Ndivyo utakavyojifunza kuuliza "najuaje kwamba hapa ni 7?" kabla ya kuandika 7. Halafu usitishwe na ubao wenye namba chache. Mwaka 2012 ilithibitishwa kwa kompyuta kwamba sudoku yenye jibu moja tu haiwezi kuwa na namba za kuanzia chini ya 17, lakini wingi wa namba na ugumu ni vitu viwili. Nimekutana na zenye namba chache zikaniachia haraka, na zenye nyingi zikanilaza macho.

Kuhusu kupumzika: pumzika, lakini usiende kupumzika kabla hujachoka. Mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré alisimulia jinsi wazo alilokuwa akilitafuta lilivyomjia ghafla alipokanyaga ngazi ya gari la abiria, wala hakuwa akilifikiria wakati ule. Watu wanapenda kulisimulia hilo kana kwamba gari ndilo lililofanya kazi. Alikuwa amelisumbukia swali lile siku nyingi kabla ya safari. Kichwa hakipiki usichokitia. Kipimo changu mimi ni hiki: zikipita dakika 20 sijaandika alama yoyote mpya, naondoka mezani. Kama bado naandika, hata upuuzi, nakaa.

Na kuomba msaada si kushindwa. Mwanahisabati Mwingereza Andrew Wiles alikaa miaka kama 7 peke yake na dai la Fermat la karne ya 17, akatangaza uthibitisho mwaka 1993, kisha pakaonekana pengo. Alihangaika nalo zaidi ya mwaka, na sehemu ya kazi ile aliifanya pamoja na aliyekuwa mwanafunzi wake, Richard Taylor, mpaka likazibwa mwaka 1994. Kwetu klabuni tuna utaratibu. Kwanza unamwonyesha mtu karatasi yako na kuuliza tu kama unaelekea kuzuri. Ikishindikana, unauliza utazame wapi. Jibu kamili haliombwi siku ileile, na anayelitoa bila kuombwa anaosha vikombe. Mzee wa kushoto kwako ana zamu mbili zinamsubiri.

Jumamosi hii tunaanza saa 9 alasiri kama kawaida. Nimekuwekea kiti mbali kidogo na dirisha, maana niliona jua likikupiga usoni. Njoo na ile karatasi ya mistari miwili, usiitupe, na uongeze chini yake lolote utakalojaribu kati ya leo na siku hiyo pamoja na sababu ya kukwama. Usipofika zaidi ya kipimo cha pili, tutaanzia hapohapo, wewe na mimi, na sarafu halisi 12 nitakuja nazo mfukoni. Moja nimeshaikwaruza kwa tupa ukingoni, lakini sikwambii ipi.

Wako,
Hamisi
Mratibu wa klabu