Kuhusu rangi ya gauni kwenye video ya harusi

Dada, habari za tangu juzi.

Pole kwa kuona gauni lako jeupe limekuwa njano. Hapa kwenye kompyuta ni jeupe kabisa, hata shanga za kifuani zinahesabika. Kwenye picha ambayo mdogo wako aliipiga simu yako usiku, hata maandishi meupe pembeni ya video ni ya njano. Simu yako imewashwa hali ya usiku, inayopunguza mwanga wa bluu.

Ule ukungu mnapocheza ni kosa langu: niliituma kama video ya kawaida, ikabanwa. Samahani sana. Faili kamili ipo Google Drive. Ipakue, zima hali ya usiku, kisha uitazame. Ukiona bado, njoo ofisini Jumamosi tuikague pamoja.

Mhariri wako